Kazi za kila mmoja kutoka slaidi za kikao cha Januari 13, pamoja na barua pepe za kukumbushana

Kwa: Mama Mwenyekiti
Yah: Naomba uzisome kabla sijazituma leo saa kumi
Moshi, Jumatano, 14 Januari 2026

Shikamoo Mama,

Jana usiku nimezipitia slaidi zote 22 za mradi wa kusakafia mfereji, nikaandika pembeni kila mahali palipotajwa kazi. Nimekuta kazi 14. Tisa zina jina la mtu na tarehe. Zilizobaki zimeandikwa "timu ya ufundi", "kamati" au "wote", na moja ina herufi "W." peke yake. Ndiyo maana sikutaka kutuma slaidi kwa kundi zima kama tulivyofanya Novemba. Ile barua kila mmoja aliisoma akidhani mwenzake ndiye anayeambiwa, na kotesheni zikachelewa wiki tatu.

Mgawanyo umekaa hivi, na namba ya slaidi ili uweze kuhakiki:

Mhandisi Godlisten: kurekebisha hesabu ya upotevu wa maji (5), kuthibitisha unene wa zege (11 na 16), ratiba ya kufunga maji (17).
Witness: kotesheni tatu (15), oda ya saruji (19), fomu ya malipo (21).
Wilbard: stoo (12), usafiri (19).
Bi. Upendo: kuuliza Bodi ya Maji Bonde la Pangani kuhusu banio (6).
Mzee Lyimo: orodha ya msaragambo (13), tangazo la kufunga maji (17).
Mimi: picha za mfereji kabla ya kazi (20, imeandikwa "wote") na muhtasari wa kikao (22).

Hizo ni 13. Ya kumi na nne haina mwenyewe: slaidi ya 18 inasema "bomba la muda kwa kaya za chini, kujadiliwa". Hatukuijadili. Zege likiwa linakomaa, kaya za chini hazitakuwa na maji ya mifugo wala ya migomba, na Februari ni kiangazi. Naomba wewe umtaje mtu. Mimi ningempa Wilbard, kwa sababu anazijua njia zote za vihambani kule, lakini sikutaka kumbebesha kazi ambayo hakuikubali kikaoni.

Ile "W." ya slaidi ya 15 nimeichukulia kuwa Witness, maana kotesheni ni za manunuzi. Wilbard naye nimempigia, amesema hivyo hivyo.

Kuna mahali pawili slaidi zinapingana, na mahali pamoja nimeamua mwenyewe. Slaidi ya 8 inasema saruji inunuliwe "mwisho wa Januari", ya 19 inasema Ijumaa tarehe 23. Nimeshika tarehe 23, kwa sababu kazi inaanza Jumatatu tarehe 2 Februari na stoo inahitaji siku za kupokea mzigo. La unene wa zege sikulithubutu, hilo ni la mhandisi.

Barua zenyewe ziko hapa chini.

Rehema
Katibu wa mradi

---

Kwa: Mhandisi Godlisten
Yah: Mambo matatu kabla ya Ijumaa tarehe 16, la kwanza ni unene wa zege

Habari za kazi, Mhandisi,

Naanza na lile linalowazuia wengine. Slaidi ya 11 inasema zege liwe na unene wa sentimita 7.5 na saruji mifuko 112. Slaidi ya 16 inasema mifuko 150, bila kutaja unene. Nimejaribu kuhesabu: kitako sentimita 50, kuta mbili za sentimita 40 kila moja, yaani mita 1.3 kwa mzunguko, mara mita 180 za mfereji. Kwa sentimita 7.5 zinapatikana meta za ujazo 17.55. Kwa sentimita 10 zinapatikana 23.4. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, nikikadiria mifuko 6.4 kwa kila meta ya ujazo, ya kwanza inatoa mifuko 112 na ya pili 150. Kwa hiyo naona slaidi zote mbili zina hesabu sahihi, ila unene ulibadilika katikati. Tafadhali niandikie mstari mmoja tu: ni 7.5 au ni 10? Witness hawezi kuomba bei mpaka ajue.

La pili ni slaidi ya 5, ambayo itakwenda kwa wafadhili. Vipimo vya kibao cha V cha nyuzi 90 vinaonyesha kina cha sentimita 15 kwenye banio na 12 kule mwisho, na slaidi inasema "upotevu asilimia 20". Hiyo 20 ni tofauti ya kina, si ya maji. Kwa kanuni uliyotufundisha mwenyewe mwaka jana, H ikiwa kwa mita:

```
Q = 1.38 * H^2.5
```

napata lita 12 kwa sekunde juu na lita 6.9 chini. Hiyo ni asilimia 43 hivi. Karibu nusu ya maji yanapotelea njiani, na tumekuwa tukijipunguzia hoja wenyewe. Naomba uihakiki na urekebishe slaidi, nisije nikawa nimekosea mimi.

La tatu, slaidi ya 17 inasema mfereji utafungwa "wiki 2". Nikisoma ratiba yako, wiki ya kwanza ni kuchimba na kunyoosha, zege linamwagwa tarehe 9 hadi 20 Februari, kisha la mwisho linatakiwa kumwagiliwa siku 7. Hiyo inafika Ijumaa tarehe 27. Wiki mbili ni za kumwaga tu. Nikubalie kwamba tunatangaza kufunga kuanzia tarehe 2 hadi 27, maana Mzee Lyimo atasimama mbele ya watu na tarehe hiyo, na hatutaki arudi kuibadilisha. Kwa tarehe hizo tutamaliza kabla masika haijaanza, lakini hazina nafasi ya kuteleza.

Asante sana,
Rehema

---

Kwa: Witness
Yah: Kotesheni tatu Jumatano tarehe 21, oda Ijumaa tarehe 23

Mambo dada,

"W." ya slaidi ya 15 ni wewe. Zinatakiwa kotesheni tatu za saruji, kutoka maduka matatu tofauti ya hapa mjini, zote kwa mfuko wa kilo 50 na zote zikitaja kama bei ni ya dukani au ya kufikishwa Kibosho. Mara iliyopita moja ilikuwa na usafiri ndani na nyingine haikuwa nao, tukalinganisha vitu visivyolingana.

Usiombe bei kabla ya Ijumaa jioni. Mhandisi anathibitisha kama ni mifuko 112 au 150, na nitakupigia mara tu akijibu. Ukiona imefika Jumamosi sijakupigia, nipigie wewe.

Fomu ya malipo (slaidi ya 21) ije kwangu siku hiyo hiyo ya oda, na duka litakalochaguliwa lazima litoe risiti ya EFD. Mchanga na kokoto havimo kwenye kazi yako, kamati ya mfereji inavileta yenyewe kama mchango wa wananchi.

Rehema

---

Kwa: Wilbard
Yah: Stoo iwe tayari Jumatano tarehe 28, saruji inapandishwa huko Alhamisi

Wilbard kaka, habari za huko juu?

Una mambo mawili. Stoo (slaidi ya 12): sakafu ipandishwe kwa mbao ili mifuko isiguse chini, na isigusane na ukuta. Ukungu wa asubuhi kule unaujua kuliko mimi. Usafiri (slaidi ya 19): Alhamisi tarehe 29, asubuhi, kabla njia haijajaa.

Mahali pa kuchanganyia zege pasiwe kando ya mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 za mto, na maji ya saruji yakiingia mtoni yanawafikia watu wa chini na samaki. Pale penye uwanja wa zamani wa kuanikia kahawa panatosha, nimepapima kwa hatua.

Mama Mwenyekiti anaweza kukupigia kuhusu bomba la muda. Mjibu unavyoona mwenyewe, hakuna aliyeahidi kwa niaba yako.

Rehema

---

Kwa: Bi. Upendo
Yah: Swali moja la kupeleka Bodi ya Maji Bonde la Pangani, Jumanne tarehe 20

Shikamoo Bi. Upendo,

Kusakafia mfereji hakubadilishi kiasi cha maji tunachochukua. Lakini slaidi ya 6 ina mchoro wa banio lililopanuliwa, na kibali chetu cha kutumia maji kinataja kiasi maalumu. Naomba uende ofisini kwao hapa Moshi na nakala ya kibali pamoja na mchoro huo, uulize kwa barua kama kupanua banio kunahitaji maombi mapya chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Barua nimeiandika, imo kwenye kiambatisho, inasubiri sahihi yako tu. Wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yetu.

Wakisema ndiyo, banio tunaliacha kama lilivyo na kusakafia kunaendelea. Hilo Mama Mwenyekiti ameshalikubali kikaoni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi wa kuwa wewe ndiye unayesimamisha kazi.

Wako,
Rehema

---

Kwa: Aikande (tafadhali msomee Mzee Lyimo)
Yah: Ujumbe kwa Mzee kuhusu msaragambo na kufungwa kwa maji

Aikande mdogo wangu, Mzee hana barua pepe, na kwenye simu maandishi yanamsumbua macho. Naomba umsomee haya akishamaliza kula, taratibu, kisha unipigie niongee naye.

Shikamoo Mzee wangu,

Jana kikaoni ulisema jambo ambalo halikuandikwa kwenye slaidi, nami nimelishika: kwamba watu wa juu ya mfereji wasipoitwa kwanza, wa chini hawatatoka. Kwa hiyo orodha ya msaragambo naomba ianzie juu, kaya kwa kaya, na kila kaya siku yake. Nikiipata Jumamosi tarehe 24 nitaichapa na kuibandika ofisi ya kijiji.

Jumapili tarehe 25, baada ya ibada, naomba utangaze kwamba maji yatafungwa kuanzia Jumatatu tarehe 2 Februari hadi Ijumaa tarehe 27. Jana ulisikia "wiki mbili". Naomba radhi, ile ilikuwa pungufu, kwa sababu zege likishamwagwa linahitaji siku saba za kunyweshwa kabla ya kupitisha maji. Mhandisi atathibitisha Ijumaa hii na nitakupigia mwenyewe siku hiyo, ili usitangaze neno lisilo na uhakika.

Wakikuuliza ng'ombe watakunywa wapi, waambie kamati inalishughulikia na jibu litatoka kabla ya tarehe 25. Nitakuletea jibu hilo kwa miguu yangu.

Aika sana, Mzee.

Rehema