Taarifa ya Kumwagika kwa Kostiki Soda, Kiwanda cha Mafuta ya Alizeti, Dodoma

Kwa: Meneja wa Kiwanda
Kutoka: Msimamizi wa Zamu, Sehemu ya Usafishaji Mafuta

Jumanne saa 4:20 asubuhi, pipa la lita 200 lenye myeyusho wa kostiki soda (NaOH) wa asilimia 30 lilitobolewa na uma wa foklifti, zikamwagika lita 85 kwa kadirio la kijiti cha kupimia, yaani takribani kilo 34 za kostiki yenyewe.

Pipa liligeuzwa tundu likaangalia juu, na mifuko ya mchanga ikaziba mfereji wa ndani kabla kimiminika hakijaufikia. Hakuna kilichotoka nje ya jengo.

Dereva wa foklifti alirukiwa kwenye mkono wa kulia, juu ya glovu, ambayo kusema kweli ilikuwa fupi mno kwa kazi hiyo. Alivuliwa shati, akaoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 30, kisha akapelekwa kituo cha afya akiwa na wekundu na utelezi wa ngozi kama wa sabuni. Msaidizi wake hakuguswa.

Mchanga uliofyonza ulizolewa kwa koleo za plastiki, kwa kuwa kostiki ikikutana na alumini hutoa haidrojeni inayoweza kuwaka. Sakafu ilisafishwa kwa asidi hafifu ya sitriki na maji mengi, hadi karatasi ya kupimia iliposhuka kutoka pH 13 hadi 8. Mapipa matatu ya taka yamefungwa na kuwekewa lebo, yakisubiri mzoaji mwenye kibali.