Barua kwa Wazazi wa Mwanaidi Kuhusu Kazi Zake za Nyongeza

Makorora, Tanga
14 Julai 2025

Kwa Baba Mwanaidi na Mama Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini hamjambo nyote hapo nyumbani, na kwamba mguu wa bibi umepata nafuu.

Ijumaa Baba Mwanaidi alinikuta getini akaniuliza mambo mawili: kama Mwanaidi anaweza kurushwa darasa, na kama nimtafutie tuisheni ya jioni ili asipoe. Watoto walikuwa wanatoka, sikupata nafasi ya kujibu inavyostahili. Nimeona niandike, mpate kusoma wote wawili kwa utulivu.

Ni kweli Mwanaidi anashika haraka. Nikiandika maswali 20 ya kugawanya ubaoni, wenzake hawajafika la 8 yeye ameshaweka kalamu chini, anachora ngalawa pembeni mwa daftari. Ngalawa zenyewe nzuri, zina tanga na mirengu yake. Mwanzoni nilidhani nimwongezee maswali, basi nikampa 10 mengine ya namna ileile. Siku ya kwanza akafanya. Siku ya pili akafanya huku amenuna. Siku ya tatu nikamwona anaandika tarakimu moja, anatazama dirishani, anaandika nyingine, mpaka kengele ikalia. Nilipomuuliza akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nikimaliza unaniongezea." Alikuwa amejifunza kuchelewa kwa makusudi. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya nibadili njia.

Kuanzia wiki hii atakuwa na kazi za nyongeza za aina nyingine. Hazitazidi kwa wingi, wala hazitakuwa mada za Darasa la Nne zilizoletwa kabla ya wakati. Ni kazi za kuingia ndani zaidi ya kile ambacho darasa zima linasoma. Akinionyesha kwa maswali 5 au 6 kwamba ameelewa, yaliyobaki nitamsamehe, na muda huo ndio wa kazi yake. Kwa hiyo hatabeba mzigo kuliko wenzake, na hakuna kitakachokuja nyumbani cha kumnyima usingizi.

Nilimjaribu na moja Jumatano iliyopita. Nilimwambia: mama ana maandazi 36, anataka kuyapanga kwenye sahani, kila sahani idadi sawa na lisibaki hata andazi moja. Anaweza kutumia sahani ngapi? Akaniletea majibu manne, nikamwambia yapo mengine, asiwe na haraka. Alhamisi asubuhi akanisubiri mlangoni na karatasi imekunjwakunjwa: sahani 1, 2, 3, 4, 6, 9, 12, 18, 36. Yote tisa. Halafu akaniambia jambo ambalo sikumuuliza: "Nimejaribu na 37, haikubali. Sahani moja tu, au kila andazi sahani yake." Mama Mwanaidi, nasikia alitumia vizibo vya soda kwenye meza yako ya biashara. Ungeuona uso wake! Hakuwa anatafuta alama. Ile 37 ilikuwa imemkera, akataka kujua kwa nini.

Kazi inayofuata inahitaji msaada wa baba. Kila siku urudipo kutoka Deep Sea, mtajie saa ambayo maji yalijaa, yeye aandike. Asiende ufukweni peke yake, saa tu zinamtosha. Baada ya siku 7 nitamuuliza anaona nini. Wewe unajua tayari kwamba maji hujaa yakichelewa karibu dakika 50 kila siku, na kwamba baada ya wiki saa iliyokuwa ya kujaa inakuwa ya kupwa. Nakuomba usimwambie. Najua si rahisi mzazi kunyamaza na jibu analo mdomoni, lakini mwachie alione mwenyewe. Kwa Kiswahili, ataandika vitendawili kutoka kwa bibi, kisha achague kimoja aeleze kwa nini jibu lake ni lile.

Kazi hizi sitazitia alama, na hazitaingia kwenye ripoti. Akikosea, amekosea, tutaangalia pamoja. Akisema leo hataki, anataka kusoma kitabu cha hadithi au kumalizia ngalawa yake, namruhusu. Hatakaa dawati la peke yake. Wala sitamfanya mwalimu mdogo wa kufundisha wengine kila akimaliza. Akipenda kumsaidia mwenzake ni vizuri, ila isiwe kazi yake. Na kazi zenyewe zitakuwa kwenye boksi mezani pangu, wazi kwa mtoto yeyote kati ya wale 58 atakayetaka kujaribu. Wiki iliyopita wawili walishaichukua ile ya maandazi.

Sasa naomba niseme la uzito zaidi, na ninalisema kwa heshima. Siku ya kuchukua ripoti, Baba Mwanaidi ulimgeukia Salimu mbele ya watu ukamwambia, "Mnalala nyumba moja, mnakula sahani moja, mwenzio anaweza wewe huwezi nini?" Najua umemchukua mtoto wa dada yako kama wako, na ulisema kwa kumtakia mema. Lakini Salimu alikaa wiki nzima hanyooshi mkono darasani. Na Mwanaidi, ambaye mngedhani amefurahi, alikuja kuniomba nimsahihishie daftari kisirisiri ili Salimu asione vema zake. Neno moja liliwabana wote wawili. Salimu anaelewa polepole, lakini akishaelewa hasahau, na kwa kusimulia hadithi sijaona wa kumfikia. Nikisema hivyo sitaki uwezo wake nao tuupime na wa Mwanaidi. Nataka kila mmoja aulizwe habari zake.

Ndiyo maana nawaomba: asiporudi na kazi ya nyongeza msimuulize kwa nini, na akirudi nayo msiwaonyeshe majirani. Badala ya "umekuwa wa ngapi?" muulizeni "leo nini kimekusumbua?" Hata Baraza la Mitihani tangu mwaka 2023 limeacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Sisi na watoto wa miaka tisa tuna haraka gani ya kuwapanga?

Kuhusu kurushwa darasa, kwa sasa sishauri. Kichwa chake kingeweza, lakini ana mashoga aliowazoea, na bado hulia akishindwa kwenye rede. Darasa la juu angekuwa mdogo kuliko wote. Tuisheni pia naomba muiache. Akitoka shule anakwenda madrasa, akitoka madrasa jua linakaribia kuzama. Ile saa iliyobaki ni ya kucheza, nayo anaihitaji.

Tutajaribu kwa wiki nne. Nikiona analegea, anaogopa kukosea au anaanza kuficha kazi, nitasimamisha na kuwaita. Nanyi mkiona dalili hizo nyumbani, msingoje wiki nne ziishe. Kila Alhamisi nipo ofisini kuanzia saa nane na nusu mchana. Mama, kama biashara inakubana saa hizo, nitumie salamu kwa Mwanaidi, nitapita mwenyewe mezani kwako nikielekea nyumbani.

Kesho nitampa daftari dogo la kuandikia saa za maji. Baba, anza kumtajia kesho hiyohiyo.

Wenu,
Mwalimu Zuhura
Darasa la Tatu B