Uwezekano wa Utafiti: Mgomo wa Mombasa wa Januari 1947

(Sehemu ya tano ya pendekezo la utafiti wa shahada ya uzamili, imeandikwa upya kufuatia maoni ya msimamizi)

Daktari, uliniuliza kama kazi hii itamalizika ndani ya mwaka mmoja. Kwa upana niliouweka mwanzo, kuanzia mgomo wa 1939 hadi ule wa makuli wa 1955, haitamalizika. Kwa hiyo nimebakia na mwaka mmoja, 1947, na swali moja: wafanyakazi waliogoma mwezi Januari walielezaje madai yao ya mshahara na nyumba, na baraza la usuluhishi lililoongozwa na Jaji Thacker lilipokea nini katika maelezo hayo?

Swali hili linajibika kwa sababu mgomo wenyewe uliacha karatasi nyingi. Watu wapatao 15,000 waliacha kazi kuanzia tarehe 13 Januari, bandarini, katika reli, mahotelini na majumbani, na serikali ikalazimika kuandika. Barua na ripoti za maofisa wa Mkoa wa Pwani na wa idara ya kazi ndizo nitakazoanza nazo katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Nitazisoma sambamba na gazeti la Baraza, lililokuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 1939, na Mombasa Times, lililosomwa zaidi na waajiri.

Ugumu mkubwa ni kwamba waliogoma hawakuwa ndio walioweka kumbukumbu. Mikutano ya Kiwanja cha Maskini na hotuba za Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika aliyehamishwa kwa nguvu hadi Kabarnet mwaka huohuo, zimetufikia kwa sehemu kubwa kupitia kalamu za polisi na maofisa. Ofisa anaponukuu hotuba kwa Kiingereza, maneno ya Kiswahili yaliyotamkwa yamekwisha kupotea. Sitaandika kana kwamba ninamsikia mzungumzaji mwenyewe. Kila hotuba itatajwa pamoja na aliyeiandika, na pale Baraza lilipoandika habari ya mkutano uleule nitaziweka taarifa mbili bega kwa bega. Naiona hii kuwa ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote katika tasnifu.

Mahojiano nimeyapunguza. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mgomo sasa anakaribia 100, hivyo nitazungumza na watoto wa makuli, watu sita hadi wanane, na ushahidi wao nitautumia kuonyesha mgomo unavyokumbukwa, si kuthibitisha kilichotokea.

Yapo pia majalada ya Wizara ya Makoloni yaliyoko Kew, Uingereza, hasa mfululizo wa CO 533, na yale ya FCO 141 yaliyofichwa miaka mingi kabla ya kufunguliwa kwa umma. Kusafiri siwezi. Nitaagiza nakala za kurasa chache, baada ya kujua ni pengo gani Nairobi imeshindwa kuliziba.

Gharama nimezikadiria hivi. Nauli ya Mombasa hadi Nairobi na kurudi, safari mbili, shilingi 8,000. Chakula na matatu kwa siku 30 za kusoma, 27,000. Malazi sitalipia, nitakaa kwa shangazi. Kibali cha NACOSTI, ada na nakala za Nairobi, 9,000. Mahojiano na kuyanukuu, 11,000. Nakala za Kew, 25,000. Akiba ya dharura, 8,000. Jumla ni 88,000, nami nina 65,000 mkononi. Nikikosa msaada nitaiacha Kew, gharama ishuke hadi 63,000, na swali litabaki lilelile. Sura ya mtazamo wa London ndiyo itakayofutwa.

Ratiba inaanza na kibali, Januari na Februari, kwa kuwa bila hicho siwezi kugusa jalada wala kumhoji mtu. Machi ni wiki tatu za kwanza Nairobi. Nimeacha nafasi, maana jalada huweza kuonekana katika orodha na lisipatikane rafuni, na karatasi za zamani huenda zikawa zimefifia. Aprili nitakuletea orodha ya nilichokisoma. Ikiwa maelezo ya mashahidi mbele ya baraza yatakuwa machache mno, tutahamishia uzito kwenye magazeti hapohapo, tusisubiri. Mei ni magazeti, Juni wiki tatu za pili Nairobi, Julai mahojiano. Agosti hadi Novemba naandika, sura moja kila mwezi, na Desemba ni ya masahihisho.

Ninachohitaji kwako kabla ya mwisho wa mwezi huu ni barua ya idara ya kuambatisha kwenye ombi la kibali, na kauli yako kuhusu sura ya London: niiombee fedha sasa, au niiondoe kabisa kwenye pendekezo?