Umeng'atwa na mbwa: maelekezo ya kwenda nayo nyumbani

Karatasi hii unapewa katika chumba cha sindano cha kituo cha afya cha kata, Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Isome mwenyewe au usomewe na mtu unayemwamini, na ukifika nyumbani mwonyeshe aliyeng'atwa pamoja nawe, hata kama anasema "mimi nilikwaruzwa tu".

Kidonda kwanza

Kama hujaosha kidonda kwa sabuni, acha kusoma. Nje ya mlango wetu kuna ndoo yenye bomba na sabuni ya mche. Fungulia maji yatiririke juu ya kidonda, paka sabuni, sugua taratibu hadi ndani ya matundu ya meno, suuza, paka tena. Endelea hivyo kwa dakika 15 ukitazama saa. Dakika 15 ni ndefu, na mtoto atalia, lakini usimwonee huruma ukaacha njiani. Virusi vya kichaa cha mbwa vimo kwenye mate ya mnyama, na hapo kwenye nyama ndipo vinapokaa kabla ya kushika mishipa ya fahamu na kupanda kwenda kwenye ubongo. Sabuni inaviua vingi papo hapo. Hata kama uling'atwa jana, bado osha.

Baada ya kuosha tutakupaka ayodini au spiriti. Usifunge kidonda kwa kitambaa kigumu, na usikubali kishonwe haraka haraka mahali pengine, maana kushona kunaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi. Pilipili, mafuta ya taa, majivu, unga wa kahawa, majani yaliyotafunwa, maji ya betri: vyote hivyo tumeviona kwenye vidonda vya watu waliofika hapa, na vyote tumelazimika kuviosha upya huku mgonjwa akiumia mara mbili. Jiwe jeusi linalonata kwenye kidonda halinyonyi kichaa cha mbwa.

Kwa nini tunakuharakisha wakati unajisikia mzima

Kwa kawaida dalili hujitokeza baada ya mwezi 1 hadi 3. Kuna zinazotokea ndani ya siku chache na kuna zinazochelewa zaidi ya mwaka. Muda wote huo kidonda kinaweza kupona vizuri na kubaki kovu. Ganzi au muwasho kwenye kovu, homa, kuogopa maji, kuweweseka: dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, na hatuna dawa ya kumrudisha. Kabla ya dalili, chanjo ikitolewa ipasavyo huzuia kifo karibu kila mara. Ndiyo maana hatumwambii mtu "umechelewa, rudi nyumbani". Uling'atwa wiki 3 zilizopita? Njoo leo.

Siku zako za sindano

Siku ya sindano ya kwanza tunaiita siku ya 0, hata kama uling'atwa juzi. Hapa kwetu chanjo tunachoma juu juu kwenye ngozi ya mkono, kulia na kushoto, siku ya 0, ya 3 na ya 7. Kwa hiyo ukianza Jumatatu, unarudi Alhamisi, halafu Jumatatu inayofuata. Kila sindano huacha kiuvimbe kidogo kama umeumwa na mbu. Kuwashwa, wekundu na homa kidogo ni mambo ya kawaida. Ukivimba uso au ukikosa pumzi, rudi saa hiyo hiyo.

Vituo vingine huchoma kwenye msuli, na siku zao huwa 0, 3, 7 kisha sindano ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Zote ni ratiba sahihi. Ukisafiri, onyesha kadi yako ili wanaokupokea wajue ulianza vipi. Sindano hizi huchomwa mkononi, na kwa mtoto mdogo pajani. Hazichomwi kwenye tako.

Njoo asubuhi. Chupa moja inahudumia watu kadhaa, na ikishafunguliwa inapaswa kuisha ndani ya saa 6 hadi 8. Ukikosa siku yako kwa gulio, msiba au nauli, usikae nyumbani kwa aibu: njoo kesho yake, tutaendelea pale tulipoishia, hatuanzi upya. Na kama shida ni fedha, tuambie kabla siku haijapita, si baada ya wiki 2.

Kidonda kilichotoa damu, au mate yaliyoingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko, huhitaji pia seramu ya kingamwili. Hiyo huchomwa mara moja tu, ndani na kuzunguka kidonda, siku ya 0 au angalau kabla siku 7 hazijapita tangu chanjo ya kwanza. Inauma, hatutakudanganya. Lakini ndiyo inayokulinda wakati mwili wako bado unatengeneza kinga yake. Tukiwa hatuna tutakupa rufaa. Anza chanjo hapa kabla ya kupanda gari.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mchanga wanachanjwa bila wasiwasi. Anayetumia dawa za ARV, au aliyewahi kuchanjwa chanjo hii, atuambie, kwa sababu ratiba yake inaweza kubadilika. Hakuna mwiko wa nyama wala wa maziwa yaliyochemshwa. Mkumbushe pia muuguzi kuhusu sindano ya pepopunda.

Mbwa mwenyewe

Usimuue. Tunajua hasira ya mzazi, lakini mbwa aliye hai anatupa jibu ambalo mzoga uliotupwa korongoni hautupi. Kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kung'atwa, afungwe kwa mnyororo au kwenye banda, apewe chakula na maji kwa upawa mrefu, na aangaliwe kwa siku 10 tangu siku aliyong'ata. Chanjo yako haimsubiri, unaanza leo. Siku ya 10 ikifika mbwa mzima, anakula na kubweka kama zamani, njoo utuambie, nasi ndio tutaamua kama sindano zilizobaki, ikiwa zipo, ziachwe.

Angalia mabadiliko: mpole amekuwa mkali, anauma miti na mawe, sauti imekauka, udenda unamtoka, anapepesuka miguu ya nyuma. Wengine hawawi wakali kabisa. Hujificha gizani, taya limelegea, kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Usitie mkono mdomoni kumtoa huo mfupa! Akionyesha dalili, akifa au akitoroka, endelea na sindano zote na mpe taarifa afisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo. Akifa, kichwa kisipondwe wala mzoga usiguswe kwa mikono mitupu, maana kipimo hufanywa kwenye ubongo.

Siku 10 ni za mbwa na paka tu. Ukiumwa na fisi, bweha au nguchiro, hakuna kusubiri wala kuchunguza. Kadi ya chanjo ya mbwa wa jirani ilete tuione, lakini usiifanye sababu ya kubaki nyumbani.

Watoto

Wiki iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 7 kwa kikohozi. Tulipomvua shati tukaona alama 4 za meno begani, za siku 5. Alinyamaza kwa kuogopa fimbo, kwa vile alikatazwa kumchezea yule mbwa. Ameshaanza sindano. Leo jioni waulize wanao, kwa sauti ya upole, na uwatazame mikono, miguu na mabega.

Rudi na kadi yako ya sindano, chumba namba 4, na ukimkuta mtu kwenye foleni, mwambie muuguzi kwamba umekuja kwa sindano ya mbwa.