Yah: Matokeo ya maombi ya ruzuku ya usindikaji, awamu ya 2024/2025

Kamati ya Ruzuku
Kigoma Mjini
14 Februari 2025

Kwa wenyeviti, makatibu na wanachama wa vikundi vilivyoomba

Ndugu zetu,

Salaam. Habari yenyewe tunaiweka mwanzo ili msihangaike kuitafuta: ombi la kikundi chenu halikupata ruzuku katika awamu hii. Tunajua kulikuwa na vikao, nauli za kufuata mihuri, na wengine mlivuka ziwa kuleta bahasha kwa mkono. Kwa hiyo hatutaishia kwenye neno moja la "hapana". Mna haki ya kujua kwa nini, na nini kifanyike ombi lijalo lifike mbali zaidi.

Tulipokea maombi 63. Fedha zilizokuwepo ni shilingi milioni 90, na kila kikundi kiliruhusiwa kuomba hadi milioni 10. Vikundi 9 vimepata, 54 vimekosa. Hata kama maombi yote yangekuwa mazuri sawasawa, wengi wangekosa tu.

Tuanze na waliokosa kwa sababu hiyo pekee. Vikundi 11 vilivuka alama 60 tulizoweka kuwa kiwango cha kufuzu, lakini fedha ziliisha kabla hatujawafikia. Kikundi cha mwisho kupata kilikuwa na alama 74. Kama karatasi ya alama iliyoambatana na barua hii ina maneno "Imefuzu, fedha zimekwisha" juu kulia, ninyi ni miongoni mwa hao. Ombi lenu halina kasoro ya kulikataa. Awamu ijayo msiandike upya: leteni barua ya ukurasa mmoja inayosema bado mnahitaji, pamoja na bei mpya za vifaa, nasi tutalisoma ombi lenu la zamani pamoja na hiyo.

Vikundi 8 havikufika mezani kwa sababu ya karatasi. Hapa kanuni haitupi nafasi. Hatuwezi kulipa fedha kwenye akaunti yenye jina la mwenyekiti, hata awe mwaminifu namna gani, wala kwa kikundi ambacho muhtasari wa kikao cha kuomba ruzuku hauna sahihi za wanachama. Kinachotakiwa ni cheti cha usajili, katiba, muhtasari wenye sahihi, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na akaunti yenye jina la kikundi. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kuwasaidia kwa yote haya, na ndiyo kazi yake.

Vikundi vingine 7 viliomba vitu ambavyo ruzuku hii haigharamii: mitumbwi, nyavu, injini, na kimoja mtaji wa duka la mitumba. Ni shughuli halali na za maana, ila fedha hizi zimetolewa kwa usindikaji tu, yaani kukausha, kukamua, kufungasha na kuhifadhi. Kwa mahitaji hayo mwulizeni afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Yaliyobaki ni maombi 28. Yalikuwa kamili, yalihusu usindikaji, yakapata chini ya alama 60. Tulibishana sana juu ya haya, na karibu kila mara kilichoyaangusha ni hesabu. Nia haikuwa na tatizo, na katika maombi mengi wazo lilikuwa zuri kuliko lilivyoandikwa.

Chukueni mfano wa maombi ya chanja za kukaushia dagaa, ambayo ndiyo yalikuwa mengi kuliko yote. Hakuna mjumbe aliyehitaji kushawishiwa kwamba dagaa wa chanja ni bora kuliko wa kuanikwa mchangani. Hewa inapita chini, hakuna mchanga mdomoni, na mnunuzi anaona tofauti. Shida ilikuwa mapato. Ombi baada ya ombi lilisema kitu kama hiki: tutakausha ndoo 10 kwa siku, siku 30 kwa mwezi, miezi 12, jumla ndoo 3,600. Sasa mtu wa Kibirizi au Katonga akisoma hesabu hiyo atauliza: mbalamwezi mtakausha nini? Dagaa wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika. Halafu mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Hiyo ni miezi mitatu, tena ya kiangazi, wakati jua la kukaushia lipo la kutosha na dagaa hawapo. Na ziwa likiwa wazi, kuanzia Novemba hadi Aprili mvua inanyesha juu ya chanja zenu.

Tufanye hesabu ile ile upya. Miezi 9 badala ya 12, na siku 20 za kazi kwa mwezi badala ya 30, ni siku 180. Ndoo 10 kwa siku ni ndoo 1,800, nusu ya zile za mwanzo, na hapo mvua bado hatujaigusa. Mtadhani hesabu ndogo ingewapunguzia alama. La, ingewaongezea. Kikundi kilichopata alama za juu kuliko vyote kwenye dagaa kiliandika mapato ambayo ni karibu theluthi moja ya waliyoandika jirani zao. Kikaeleza kwamba kitanunua turubai la kufunika chanja wakati wa mvua, na kwamba mwezi Aprili na mwanzoni mwa Mei kitaweka akiba ya dagaa wakavu kwenye chumba kisicho na unyevu, wauzwe ziwa likiwa limefungwa na bei imepanda. Wajumbe wote tulitikisa vichwa kwa kukubali. Hao tuliona wanaijua kazi yao, na hesabu ilionyesha hivyo bila maneno mengi.

Maombi ya mawese yalikuwa na kosa la jamaa moja na hilo. Vikundi kadhaa viliomba miche ya Tenera pamoja na mashine ya kukamulia, vikaonyesha mauzo ya mafuta ya miche hiyo mwaka huo huo. Tenera ni mbegu nzuri, ganda lake jembamba na mafuta mengi kuliko Dura ya wazee wetu, lakini inahitaji miaka mitatu hivi shambani kabla ya kuanza kuvunwa, na mradi wetu ni wa miezi 12. Mashine peke yake, ikihudumia michikichi iliyopo tayari kijijini, ingekuwa ombi lenye nguvu. Semeni chikichi zitatoka kwa nani, mmekubaliana naye bei gani, na mtafanya nini msimu wa uhaba. Miche ni mradi mwingine. Kwa huo nendeni mkaulize kituo cha utafiti cha TARI Kihinga.

Kwenye bajeti, tazameni vitu viwili. Cha kwanza ni usafiri. Kikundi kimoja cha mwambao wa kaskazini kiliandika bei ya mashine kama ilivyo dukani Kigoma Mjini, kisiandike shilingi hata moja ya kuifikisha. Mashine ile haiendi yenyewe. Kuna mkokoteni hadi Kibirizi, kuna boti, kuna vijana wa kuipakia na wa kuishusha, na kuna dizeli ya kuiwasha ikishafika. Kamati ikiona hayo hayapo inahofia mashine itakaa chini ya mwembe. Cha pili ni neno "mengineyo". Likiwa na laki moja hatuna neno nalo. Likiwa na milioni mbili na nusu katika milioni kumi, tunashindwa kulitetea mbele ya wanaotoa fedha. Vunjeni kila kitu: mbao ngapi, za urefu gani, wavu mita ngapi, misumari kilo ngapi, fundi siku ngapi, na ambatanisheni ankara kifani kutoka maduka mawili.

Neno kuhusu waandishi wa kulipwa, maana limetukera kidogo. Maombi manne yalifanana aya kwa aya, na moja la kikundi cha wakausha dagaa lilikuwa na sentensi inayotaja kijiji cha wilayani Kakonko, ambako mvuvi wa Ziwa Tanganyika hana la kufanya. Tunasikia kuna anayetoza vikundi fedha kwa kazi hiyo. Msimlipe. Hatutoi alama kwa Kiswahili cha ofisini wala kwa kuchapa kwa kompyuta. Vikundi viwili kati ya tisa vilivyopata viliandika kwa mkono kwenye karatasi za daftari.

Kama mnaona kamati ilisoma vibaya, kwa mfano ilisema hakuna muhtasari nao ulikuwemo, andikeni rufaa ya ukurasa mmoja itufikie kabla ya Ijumaa 7 Machi 2025. Itasomwa na wajumbe wawili ambao hawakulisoma ombi lenu mwanzo. Rufaa haiwezi kuongeza fedha zilizokwisha, lakini alama zikirekebishwa na mkavuka 60, mtaingia kwenye kundi la waliofuzu na mtapata haki ile ile ya kuleta barua ya ukurasa mmoja.

Awamu ijayo itafunguliwa Jumatatu 1 Septemba 2025 na kufungwa Ijumaa 31 Oktoba 2025. Tungependa kuwaona tena. Kukosa safari hii hakuandikwi popote dhidi yenu, na nyaraka za usajili mlizoleta tunazo, hazihitaji kurudiwa isipokuwa kama mmebadilisha viongozi au benki. Mwezi Juni, mvua zikiwa zimekwisha, tutakuwa na siku za kupitia maombi pamoja na vikundi huko Kigoma Mjini, Ilagala na Kasulu. Njooni watu wawili, na mmoja awe ndiye anayeshika daftari la fedha, maana maswali mengi yatakuwa yake. Leteni ombi lenu la zamani na karatasi ya alama. Wasioweza kusubiri hadi Juni, ofisi iko wazi kila Jumatano asubuhi kwa ajili hiyo, na simu ni ile ile iliyo kwenye fomu.

Picha na ankara halisi mlizoambatanisha zinaweza kuchukuliwa ofisini hadi mwisho wa Machi. Atakayekuja aje na barua ya kikundi yenye mhuri, ili tusimpe mtu asiyehusika.

Wenu katika kazi,

Mratibu wa Ruzuku
Kwa niaba ya Kamati

Nakala: Maofisa maendeleo ya jamii wa kata husika
Kiambatanisho: Karatasi ya alama ya kikundi na maoni ya wasomaji wawili