Gramu Thelathini

Saa nane kasoro dakika kumi za usiku, lori la kumi na moja liliposhuka kwenye mzani, Mfaume alifunga daftari, akachomeka kalamu nyuma ya sikio na kuwaambia makuli kwamba anakwenda kutia kitu tumboni. Alikuwa na dakika ishirini. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, malori ya Newala, Tandahimba na Masasi yamejipanga hadi nje ya lango la ghala, na karani wa mzani akikawia, foleni nzima humtajia mama yake.

Kibanda cha Bi Somoe kilikuwa ng'ambo ya barabara iendayo bandarini, kimeegemea ukuta wa ghala jingine, na kwa saa zile ndicho pekee kilichokuwa wazi. Taa yake ya sola ilining'inia kwenye msumari juu ya chupa za maji. Mchana kutwa mawingu yalikuwa yametanda juu ya Mtwara, kwa hiyo taa haikushiba jua, na sasa ilikuwa ikipumua tu, mwanga wake ukitosha kumwonyesha mtu sarafu iliyoanguka lakini si thamani yake.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Leo wamekubana huko."

"Wametubana haswa."

Majuma matatu yaliyopita Mfaume angenunua chochote kilichokuwa karibu na mkono wake, akala akitembea. Kisha alipimwa presha, akapimwa tena baada ya kupumzika, akapimwa mara ya tatu siku nyingine, na muuguzi wa kliniki, dada mmoja mpole asiyeinua sauti, akamweleza kwamba pamoja na vidonge itambidi apunguze chumvi. Mfaume alijitetea kuwa nyumbani mkewe hatii chumvi nyingi. Muuguzi akamwuliza anakula nini kazini usiku. Hapo ndipo alipojifunza kwamba chumvi ya dukani huandikwa kwa jina la sodiamu, kwamba sodiamu ukiizidisha kwa mbili na nusu unapata chumvi yenyewe, na kwamba mtu mzima hatakiwi kuvuka gramu tano za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana. Yeye ni mtu wa hesabu. Somo lilimwingia mara moja. Tangu siku hiyo hakuweka kitu mfukoni kabla ya kusoma mgongo wa pakiti.

Kusoma, lakini, ni neno kubwa kwa alichokuwa akikifanya pale kibandani. Magunia anayoyapima usiku kucha yamepigwa chapa ya wino mweusi, herufi urefu wa kidole, jina la chama na daraja la korosho, mtu anayasoma akiwa hatua kumi. Pakiti ya biskuti ina herufi ndogo kama mayai ya sisimizi, nyeupe juu ya rangi ya manjano, zikapita juu ya mkunjo wa plastiki na kuingia chini ya gundi. Mfaume alikuwa na miaka arobaini na saba na miwani ya kusomea yenye mkono mmoja, ambayo aliishikilia puani kwa kidole cha shahada huku mkono mwingine ukishika pakiti, hivyo hakubaki na mkono wa kushika tochi. Simu yake ilikuwa ya kitochi. Alikuwa amejaribu kuiuma kwa meno, na hilo ndilo lililomfanya Bi Somoe acheke usiku wa kwanza hadi akashika mbavu.

"Unachunguza kama mtu anayeposa," alisema sasa, akimsogezea kiti cha plastiki. "Biskuti ya shilingi mia tano hiyo, haina ukoo."

Mfaume alitabasamu bila kujibu. Aliweka mbele yake vitu viwili ambavyo kwa majuma matatu vilikuwa vimeshindana: pakiti nyekundu ya vijiti vya mahindi vyenye viungo, gramu tisini, na pakiti ndogo ya biskuti za kawaida, gramu hamsini. Mshindi alikuwa ni ile nyekundu kila usiku. Aliwahi kuisoma mara moja tu, usiku wa kwanza, na namba aliyoiona kwenye mstari wa sodiamu ilikuwa miligramu 320, wakati biskuti zilikuwa na 410. Mia tatu na ishirini ni chache kuliko mia nne na kumi. Alilala kwa amani juu ya hesabu hiyo.

Usiku ule, hata hivyo, kulikuwa na lori la Fuso limeegeshwa upande wa pili, na dereva wake, kijana aliyechoka kusubiri, aliwasha taa kubwa ili atafute kitu chini ya kiti chake. Mwanga ulipita barabarani ukaingia kibandani kwa ubavu, chini kabisa, kama jua la magharibi. Si mwanga wa juu unaogonga plastiki na kurudi machoni. Mwanga wa ubavu huinua kila kilichochapwa na kila kilichogandamizwa, na anayetaka kusoma tarehe iliyopigwa kwa joto kwenye mshono wa pakiti hapati msaada mwingine kama huo. Mfaume aliinamisha pakiti nyekundu kidogo, kisha kidogo tena, mng'ao ukatoka kwenye maandishi, na juu ya jedwali akaona mstari ambao hakuwahi kuuona: *kwa kipimo kimoja, gramu 30*.

Aligeuza biskuti. Juu ya jedwali lake palikuwa na mstari wa namna hiyo hiyo: *kwa gramu 100*.

"Kijana!" alimwita dereva. "Usizime, tafadhali, dakika mbili tu!"

"Betri itakwisha, mzee!"

"Nitakupa nafasi yako mzanini bila maneno."

Taa zikabaki. Mfaume alichomoa kalamu sikioni na, kwa kuwa daftari lilikuwa ni mali ya ghala, akaandika kiganjani. Pakiti nyekundu ina gramu tisini, yaani vipimo vitatu. Mara 320 ni miligramu 960. Zidisha kwa mbili na nusu: gramu mbili na nukta nne za chumvi, karibu nusu ya siku nzima, na zote ameziteremsha kwa dakika tano akiwa amesimama. Biskuti ni gramu hamsini, nusu ya mia. 410 gawa kwa mbili ni 205, yaani nusu gramu ya chumvi na kidogo juu yake. Kwa majuma matatu, mtu anayekataa kusaini uzito wa gunia mpaka sindano itulie alikuwa amelinganisha vitu viwili vilivyopimwa kwa mizani tofauti. Angemkuta kuli amefanya hivyo, angemfukuza mzanini.

"Umeona nini?" Bi Somoe aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepoteza mzaha.

"Nimeona ujinga wangu, Bi Somoe."

Angeishia hapo, alipe mia tano, arudi. Lakini mwanga ulikuwa bado upo, na mtu aliyekwisha kuona hawezi kujizuia kuona zaidi. Kwenye mshono wa pakiti za biskuti zenye krimu, ambazo Bi Somoe alikuwa amezipanga mbele kabisa kwa kuwa ndizo zinazopendwa na madereva, tarehe ilisimama wazi kama kovu. Mwisho wa kutumika ulikuwa tarehe 3 Novemba ya mwaka huu huu. Usiku ule ulikuwa wa kuamkia tarehe 10. Alichukua pakiti ya pili, ya tatu, ya nane. Zote zilikuwa moja.

Kulikuwa na watu wawili wamesimama nyuma yake wakingoja chai. Mfaume alirudisha pakiti mahali pake, akasogea hadi ndani ya kibanda kama mtu anayetafuta chenji, na kusema kwa sauti ya kunong'ona: "Bi Somoe, hizi za krimu umezitoa wapi?"

"Kwa muuzaji wa jumla. Juma lililopita. Alinipunguzia bei, nikamshukuru na kumwombea." Alinyamaza. "Zina nini?"

"Muda wake ulikwisha Jumatatu."

Bi Somoe hakupiga kelele wala hakulaani. Alichukua pakiti moja, akapitisha kidole gumba juu ya mshono polepole, akairudia njia ile ile, na kwa mara ya kwanza Mfaume akatambua kwamba macho yale, ambayo siku zote yalikuwa yakimtazama kwa upande, hayakuwa ya dharau wala ya uchovu. Jicho la kulia lilikuwa na ukungu mweupe katikati. Mtu huyu alikuwa akitambua noti kwa ukubwa wake, soda kwa umbo la chupa, na biskuti kwa mlio wa plastiki.

"Naona vikovu hapa," alisema Bi Somoe, maana kwa kidole chake ndiko kuona. "Sijui vinasema nini."

Alivuta boksi zima la krimu, akalisukuma chini ya meza kwa mguu, na waliokuwa wakingoja walipouliza akawajibu kuwa zile zimeuzwa zote. Aliwapa chai, akapokea hela, akazikunja ndani ya upindo wa khanga. Dereva wa Fuso alipiga honi mara moja kuonyesha kwamba dakika mbili zimekuwa saba.

"Una muda gani?" Bi Somoe alimwuliza Mfaume.

"Kama dakika sita."

Alirarua ukingo wa kitambaa alichofunikia chupa ya chai, akautoa utepe mwembamba, kisha mwingine. Wa kwanza aliufunga kwenye kopo la biskuti za kawaida, fundo moja lililokazwa. "Hizi ndizo zako. Hata taa ikifa, mimi nitakupa." Wa pili aliushika vidoleni, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akashusha maboksi manne yaliyokuwa nyuma, vumbi likaanguka kwenye mikono yake.

"Sasa nisomee. Moja moja. Niambie tarehe, mimi nitafunga mafundo kwa miezi iliyobaki."

Mfaume alishika miwani puani. Alilielekeza boksi la kwanza upande wa barabara, akaliinamisha, akafungua kinywa kusoma, na taa za Fuso zikazimika.

Walikaa gizani kwa muda, wakimsikia kijana akizungusha ufunguo wa gari na injini ikikohoa bila kuwaka. Kutoka langoni msimamizi wa zamu aliita jina la karani mara mbili.

"Bado dakika tatu!" Mfaume alijibu, kisha akatoa simu mfukoni, akawasha tochi, akafuta kingo zake kwa shati na kuiuma kwa meno.

Bi Somoe hakucheka. Alishika boksi kwa mikono miwili, akaliinua hadi usawa wa mdomo wa Mfaume, akiliinamisha taratibu, na kila lilipong'aa alimwuliza, "Hapo je?"