Asante Mama, na ombi langu dogo

Shikamoo Mama. Hii meseji ni ndefu kidogo, isome ukiwa umetulia, hamna la dharura. Nyumba iko salama, mpangaji kashaingia na funguo kapokea zote.

Kwanza nikushukuru. Yaani asante sana kwa kuniachia nyumba ya juu niisimamie mpaka ikapata mtu, maana najua kabla yangu madalali wengine walishakuchosha, mtu anakuletea wateja wasio na mpango, wanapanda ngazi wanapiga picha wanashuka, hawarudi tena na simu hawapokei. We ukanipa funguo ya akiba ukasema "nenda nayo, ila usiniletee mtu hujaongea naye". Ile kauli ndo ilinirahisishia kazi, kwa sababu kila aliyenipigia nilikuwa namuuliza kwanza anahama lini, mko wangapi, unafanya kazi gani na ulipotoka unahama kwa nini. Wengi waliishia hapo hapo kwenye simu, wewe hukusumbuliwa hata kidogo.

Na asante pia kwa kukubali kusubiri. Yule wa kwanza aliyetaka kulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo hela ilikuwa tamu, hata mimi mate yalinitoka nisikufiche, ila mtu ambaye hataki umpigie simu mwenye nyumba wake wa zamani na mkataba anasema "tutaandika baadaye", mi huwa naanza kuwaza siku ya kumtoa kabla hata hajaingia. Ulivyosema tumuache nikajua nafanya kazi na mtu anayeelewa.

Sasa huyu tuliyempata. Mwenye nyumba wake wa nyuma nimeongea naye mwenyewe, kasema kodi alikuwa analipa bila kukumbushwa na kaondoka sababu kazi imemhamisha upande huu. Jana wakati wa kukabidhiana alifungua kila koki moja moja, akaingia chini ya sinki na tochi ya simu, akaona ile koki ya jikoni inavuja tone tone. Hakulalamika, kasema tu "tuiandike". Tumeiandika, na leo asubuhi fundi kaja kabadilisha mpira wa ndani, imekauka kabisa. Afu lile geti lako linalolia, kaniuliza kama anaweza kulipaka grisi kwa sababu anafanya kazi za zamu, anarudi usiku, hataki kukuamsha. Nikamwambia Mama atafurahi, au nimekosea?

Vya kwako vya kuweka ni hivi. Nakala yako ya mkataba nimeiacha kwa kijana wa dukani kwako kwenye bahasha ya kaki, imesainiwa kila ukurasa. Fomu ya makabidhiano nayo imo humo humo, inaonyesha hali ya kila chumba, idadi ya funguo, na namba zilizosomeka kwenye mita ya maji na ya umeme wakati anaingia, kasaini yeye na mimi nimesaini kwa niaba yako. Picha nimekutumia hapa watsapu, naomba usizifute, ziseve hata kwenye simu ya binti yako. Siku akihama ndo utaona kazi ya hizo picha, maana bila picha kila mtu atakumbuka ukuta kivyake. Na ile hela ya depoziti Mama, nakuomba ikae pembeni, usiichanganye na kodi. Ni ya kwake mpaka atakapotoka, tutakata tu kama kuna kitu kaharibu, rangi kufifia kwa kukaa haihesabiki. Nimemweleza na yeye hivyo hivyo ili siku hiyo kusiwe na ubishi.

Risiti ya ada yangu umeshapata. Hunidai sikudai.

Haya, ombi lenyewe sasa. Mama, kazi yangu asilimia kubwa inatembea kwa midomo ya watu. Bango naweza kubandika na matangazo ya mtandaoni naweka kila siku, ila mwenye nyumba haniamini kwa sababu ya bango, ananiamini kwa sababu mtu anayemjua kamwambia "yule kijana kanifanyia kazi, sikusumbuka". Na nyie wenye nyumba mnajuana. Ukikaa na wenzako ukasikia mmoja analalamika kwamba mpangaji kahama na nyumba imekaa tupu, au ana chumba anataka kupangisha ila anaogopa kupata msumbufu, au mtu anataka kuuza na hajui aanzie wapi, basi nitaje. Hata mpangaji anayetafuta pa kuhamia na ni mtu wa maana, huyo nae namhitaji, wenye nyumba wazuri siku hizi wananiuliza watu kuliko ninavyowauliza wao nyumba.

Yule rafiki yako uliyemtaja siku ile tunapima mapazia, mwenye nyumba ya uani ambayo imefungwa tangu mwanae aondoke, sijamsahau. Ila sitaki kumpigia ghafla mtu hanijui. Nakuomba umuulize wewe kwanza kama anapenda nimtafute, akisema ndiyo ndo unitumie namba yake, akisema bado muache, hamna ubaya wowote. Na hata akinipigia akaamua kutofanya kazi na mimi, urafiki wenu usiingie doa kwa ajili yangu. Mwambie ukweli wote, pamoja na kwamba mi ni mbishi kwenye makaratasi, asije akadhani ni mteremko akakuta namdai kitambulisho na uthibitisho kwamba nyumba ni ya kwake kabla sijaitangaza. Naulizwa sana kwa nini nawachunguza wenye nyumba na sio wapangaji peke yao, na jibu ni kwamba kuna watu wanapangisha nyumba zisizo zao.

Ukiona uvivu kuandika, hii hapa nimekuandikia, ifowadi tu ilivyo au ibadilishe upendavyo:

"Kuna dalali kanitafutia mpangaji nyumba ya juu. Anawachuja watu kabla hajawaleta, mkataba kaandika, picha kapiga, na koki ilipovuja kaleta fundi. Ukiwa na nyumba ya kupangisha au kuuza ongea nae, namba yake nakutumia."

Kama kuna sentensi hapo sio ya kweli kwako ikate, sitaki unisifie nisichofanya. Kontakti yangu naituma baada ya meseji hii ili iwe rahisi kuifowadi.

Na kama kuna kitu hukukipenda, labda nilichelewa kukupa taarifa au kuna mteja nilimleta muda mbaya, niambie mimi hapa hapa, hata kwa voisi kama kuandika kunakuchosha macho. Nitasikiliza.

Mpangaji akikaa mwezi mmoja nitapita kuangalia kila kitu kinaendaje, sio kwa kulipwa, na nitakupigia kabla sijaja. Katikati hapo kikitokea chochote, umeme, maji, kelele, nipigie kabla hujagombana na mtu. Na geti nijibu basi, apake grisi au aache? Ananisubiri.